Mashine Inayoogopa Mawimbi

Mashine yetu ni tustroki ya nguvu farasi 15, imefungwa kwenye mashua ya faiba ya Ami, na alfajiri ile ilinguruma vizuri tangu Lamu mjini hadi Shela. Tulipopita Ras Kitau na kuanza kukutana na mawimbi ya bahari kuu, ikaanza tabia. Mashua ikiinua omo, sehemu yake ya mbele, kupanda wimbi, mashine yakohoa, yapungua nguvu, yataka kuzimika. Mashua ikishuka, yapata fahamu. Panda, kohoa. Shuka, nguruma.

“Yaogopa mawimbi,” akasema Ami.

Sikujibu. Kwetu ami, ndugu wa baba, ni baba, na nahodha ni nahodha, na huyu ni vyote viwili. Mtu kama huyo humpingi wewe. Unasubiri bahari impinge.

Haikukawia. Wimbi moja nene lilitunyanyua, mashine ikakohoa kikohozi kirefu, ikanyamaza kabisa. Binamu yangu akaanza kuvuta kamba ya kuwashia kwa nguvu zote, huku Ami akimhesabia kama anayefundisha watoto mazoezi ya viungo. Mimi nikatia nanga, kwa sababu mashua isiyo na mashine haina adabu. Hugeuza ubavu na kwenda inakotaka.

Sasa, ukiharibikiwa mjini watu hukupita. Ukiharibikiwa baharini karibu na Lamu, kila chombo ni hospitali na kila baharia ni daktari. Chombo cha kwanza kilipunguza mwendo kiasi cha sisi kusikia:

“Plagi hiyo!”

Wakaenda zao. Cha pili hakikupunguza hata mwendo:

“Fungueni hewa ya tangi!”

Hilo la hewa si upuuzi. Juu ya kifuniko cha tangi kuna skrubu ndogo ya kupitishia hewa. Ukiisahau ikiwa imefungwa, mafuta yakivutwa hakuna kinachoingia kujaza nafasi yake, na baada ya muda tangi hugoma kutoa. Ami akaonyesha kidole kwenye skrubu, imefunguliwa wazi, na akawapigia kelele wale watu ambao walikwisha kufika mbali: “Iko wazi! Mimi ni mtoto?”

Plagi nayo tuliitoa. Ilikuwa imelowa, lakini haikuwa na ubaya. Kilichonitia shaka ni ule mpira wa kubonyeza ulio katikati ya bomba la mafuta. Kwa kawaida mashine ikizorota halafu ukiubonyeza ikapata nguvu, ujue mafuta hayafiki yenyewe: pampu imechoka au bomba linavuta hewa mahali. Yetu tangu mwanzo ilikuwa kinyume. Kila binamu alipobonyeza, ilizidi kukohoa. Maana yake kitu kilikuwa kinafika, tena kwa wingi, ila si kitu cha kuwaka.

Tukatoa kofia ya mashine. Chini ya kabureta kuna bakuli dogo linalohifadhi mafuta kidogo kabla hayajaingia ndani, na chini ya bakuli pana skrubu ya kumwagia. Nikakata chupa ya plastiki ya maji, nikaikinga, nikailegeza ile skrubu. Kikatoka kitu cha aina mbili. Juu, petroli yenye rangi ya oili. Chini yake, matone meupe manene yakibingirika kila mashua ilipotikisika, bila kuchanganyika na chochote.

“Mayi,” akasema Ami, safari hii kwa sauti ndogo.

Hapo woga wa mawimbi ukapata tafsiri yake. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi, na mrija wa kuvutia mafuta nao hufika karibu na chini. Omo ikipanda, maji yote ya tangini hukimbilia nyuma, na mrija wetu ulikuwa upande huo huo. Basi kila wimbi lilikuwa likiinywesha mashine maji. Bakuli la kabureta ni dogo, vijiko vichache tu na limejaa. Hata glasi moja ya maji ndani ya tangi inatosha kuizima mashine asubuhi nzima.

Swali likawa: maji ya wapi? Ami alikuwa na jibu tayari. Bahari. Wimbi limeruka, limeingia kwenye skrubu ya hewa. Ni kudra. Binamu, ambaye hutazama video za mafundi kwenye simu mpaka betri imlilie, akasema kuna njia ya kujua. Kabla hajaimaliza sentensi, Ami alikwisha chovya kidole kwenye yale maji ya chini na kukigusisha ulimini.

Msifanye hivyo. Petroli ni sumu, na binamu alikuwa anakusudia kusema tuyaache yakauke kwenye kifuniko tuone kama yataacha chumvi. Ami alitema mate mpaka kisiwa cha Manda kikasogea. Akasukutua, akatema tena, akajifuta ulimi kwa kikoi. Kisha akakaa kimya muda mrefu, akiangalia pembeni.

“Je, Ami? Ya chumvi?”

“Si ya chumvi.”

Basi si ya bahari. Ni ya mvua. Na mvua za vuli za Novemba zilikuwa zimenyesha usiku kwenye ua wa nyumbani kwa Ami, mahali ambapo jerikeni la petroli hukaa wazi bila paa, na bila kifuniko pia, kwa kuwa kifuniko kilipotea zamani na Ami alikataa kununua kingine. Alikuwa amesokota kipande cha kikoi kikuukuu akakishindilia mdomoni mwa jerikeni, na kututangazia kwamba hapo hata jini hapiti. Maji yalituama juu ya jerikeni, kitambaa kikayanywa taratibu, kikayashusha ndani.

Hakuna aliyesema neno. Binamu alikuwa amegeuka anatazama bahari, mabega yakimtikisika.

Mafuta ya kutupeleka nyumbani yalikuwepo, ila yalikuwa yamelala juu ya maji. Tukaliinamisha tangi upande mmoja, tukaliacha litulie kadiri bahari ilivyoruhusu, kisha tukafyonza ya juu juu tu kwa mpira na kuyatia kwenye dumu jeupe la maji ya kunywa. Dumu lenyewe ilibidi tulimwage, tulikung'ute na kulikausha kwanza, na nguo pekee kavu chomboni ilikuwa shati la Ami. Alilitoa kwa huzuni. Uzuri wa dumu jeupe ni kwamba unaona mpaka kati ya petroli na maji kwa macho, na ukiuona mrija unaukaribia unaacha. Tukapata kama lita nane. Tukachomoa bomba la mashine kwenye tangi, tukalichovya ndani ya dumu moja kwa moja, juu kidogo ya kitako.

Mvuto mmoja, ikawaka! Binamu akapiga takbiri. Ami akatia gia, akaongeza mafuta, mashine ikazimika.

Ikawa hivyo. Kwa mwendo wa taratibu yanguruma kama paka aliyeshiba, ukiongeza mafuta yafa. Dalili hiyo ina mwenyewe: jeti kubwa. Ni kipande cha shaba nyeupe kilicho katikati ya kabureta, chenye tundu jembamba sana, na ndicho kinachopimia mafuta mashine inapokimbia. Tulipofungua bakuli tukakuta unga mweupe umeganda humo. Maji yakikaa kwenye aluminiamu huila, na kinacholiwa humeguka. Punje moja ya unga ule ilikuwa imejikita kwenye tundu.

Nikaitoa jeti kwa bisibisi. Ami akainua ndoana.

“Lete niizibue.”

Nilimshika mkono, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Ndoana ni chuma, jeti ni laini. Ukiichokoa tundu linapanuka, na tangu siku hiyo mashine hunywa petroli na kutoa moshi wala hairudi kuwa ilivyokuwa. Mshipi wetu ulikuwa mnene mno. Kilichohitajika ni uzi wa kopa, mwembamba kuliko unywele wa mzungu. Wote wawili wakanitazama. Kisha wakatazama chaja ya simu yangu.

Niliikata mwenyewe. Nikavuta nyuzi mbili tatu za ndani, nikazisokota, nikazipitisha polepole, nikapuliza, nikaielekeza jeti kwenye jua. Mwanga ukapenya. Kwa furaha binamu akanipiga bega, na jeti ikaruka, ikadondokea sakafuni kwenye maji ya chambo.

Sitaeleza tulivyoitafuta. Nitasema tu kwamba mgongo wa mwanadamu una mifupa mingi, na magamba ya samaki yanafanana na jeti kuliko mnavyodhani.

Wakati sisi tumeinama, Ami aliona asikae bure. Akaweka mdomo kwenye kabureta akapuliza kwa mapafu yote aliyopewa na Mola. Unga uliokuwa chini ukapanda juu, ukaingia kwenye jeti ndogo, ile inayolisha mashine inapokwenda taratibu, ambayo imejificha ndani na bisibisi yetu haikuifikia.

Kwa hiyo ugonjwa ukageuka. Sasa mashine ilikimbia vizuri ajabu, ila haikuweza kwenda polepole. Ukivuta choki nusu ilishikilia sekunde chache za kutia gia. Hapo uongeze mafuta haraka, la sivyo yafa. Tukang'oa nanga, tukaruka mpaka Lamu kama tuko kwenye mashindano.

Shida ni kufika. Maji yalikuwa yakitoka, na mkondo wa kutoka pale mbele ya mji hauna mchezo. Ukizima mbali na gati, unarudishwa Shela. Ukizima karibu na gati, unaligonga. Ami akalikaribia, akapunguza mafuta, mashine ikafa, mkondo ukatubeba kinyumenyume mbele ya majahazi yaliyofungwa. Tukawasha, tukarudi kwa kasi, tukaogopa, tukazunguka. Watu wakaanza kujaa ukingoni. Watoto wakatupungia, wakidhani Ami anajionyesha, na Ami, bila shati, akawapungia pia.

Mwisho akachagua tope. Akaelekeza omo pembeni ya gati palipokauka, akaacha mafuta yote mpaka dakika ya mwisho, akazima. Mashua iliteleza juu ya tope vizuri mno, ikasimama hatua chache kutoka kwa punda aliyekuwa anapakiwa mawe, ambaye hakusogea. Mzee mmoja akashuka ngazi taratibu, akaitazama mashine, akamtazama Ami.

“Plagi hiyo,” akasema.

Jioni fundi akaifungua kabureta yote, akaisafisha jeti ndogo, akamwaga tangi. Kifuniko cha jerikeni kilinunuliwa, chenye mpira wake ndani, na jerikeni likahamia chini ya ngazi. Mimi nikamwendea Ami kumkumbusha habari ya chaja. Akanisikiliza kwa makini, akaingia ndani, akatoka na samaki tewa.