Jina ndo linabeba sura, sio maelezo

"Nikimwelezea mtu ninayemjua kwa maneno, alafu nikayageuza prompti ya avata, si bado nimemuibia sura?"

Kwa sehemu kubwa hapana, na nadhani wengi wanaoogopa hili wanalinda mlango ambao mwizi hapitii. Ukiandika pua pana, macho makubwa, taya ya mraba, umeeleza watu wasiohesabika kwa mpigo mmoja. Sura ya mtu inakaa kwenye vitu ambavyo hatuna maneno yake, yani jicho liko mbali kiasi gani na jicho, kona ya mdomo inakunjaje, na hivyo huwezi kuviandika hata ukikesha. Modeli inayochora picha kutokana na prompti, yani maelezo unayoiandikia, inajaza yenyewe palipobaki wazi, na inajaza kwa mchanganyiko wa nyuso nyingi ilizofunzwa nazo.

Wanaopinga wana hoja yao, siibezi. Mwaka 2023 watafiti walichukua picha 350,000 zilizojirudia sana kwenye data iliyofunza Stable Diffusion, moja ya modeli za kuchora picha, wakaiandikia modeli maelezo yaleyale ya kila picha na kutengeneza picha 500 kwa kila maelezo, na 109 kati ya zile za mwanzo zikatoka karibu kopi kabisa. Watu wakiona 109 wanasema ndo hivyo, inaiba. Mi naiangalia tena na tena namba hiyo na naiona inasema kitu kingine. Kwanza ni kama 3 kwa kila 10,000, na hapo walichagua kwa makusudi picha zilizo rahisi zaidi kukaririwa. Pili, hawakuelezea mtu, walinakili maelezo ya picha neno kwa neno, na mfano uliosambaa kuliko yote ni picha ya mtu ambaye maelezo yake yalikuwa na jina lake kamili. Ufunguo hapo ulikuwa maelezo yenye jina, sio maneno kama "nywele fupi". Ndo maana mi sitaki kabisa jina kwenye prompti, wala "kama yule mwigizaji", wala picha ya mtu iliyopakiwa kama rejea, maana picha inabeba ule umbali wa jicho na jicho ambao maneno yanaudondosha njiani.

Chukua maelezo haya: mwalimu wa kike wa miaka 54, mwembamba, uso mrefu, nywele fupi zenye mvi upande mmoja, miwani ya duara, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ana kovu juu ya nyusi ya kushoto, hakosi shali ya kijani. Kovu nalitoa, kazi nayo naitoa, umri naulegeza uwe "mtu mzima". Alafu nachagua vitu viwili nivikuze kupita kiasi, hapa miwani na tabasamu, maana katuni inaishi kwa kukuza, na kila unachokikuza kinausogeza uso mbali na picha halisi. Mtindo nauweka mbele:

```
flat vector avatar, bold outline, four colours,
older woman, long oval head, short hair with one grey streak,
huge round glasses hiding the brows, lopsided grin, green shawl
```

Prompti iwe fupi. Stable Diffusion za mwanzo zinasoma tokeni 77, yani vipande vya maneno, mbili kati yake ni alama za kuanza na kumaliza, na ukizidisha basi kama programu yako haigawi prompti vipande, mkia unakatwa na mara nyingi mtindo ulioachwa mwishoni ndo unaondoka. Maneno kama `photo`, `portrait` na `8k` yanarudisha kila kitu kwenye picha halisi, ngozi yenye vinyweleo na yote, na hapo ndipo uso wa mtu fulani unaweza kuchungulia.

Kujua kama umeharibu, tengeneza picha nne kwa sidi tofauti, yani namba tofauti ambazo modeli inaanzia kuchora. Zikitoka nyuso nne tofauti zenye miwani na shali ileile uko salama, ila ukiona uso mmoja uleule kwenye zote nne kuna neno linavuta. Mara nyingi ni neno la jumla kama "mrembo", ambalo modeli ina uso wake inaoupenda, kwa hiyo kuandika maneno machache ya jumla ukidhani unajificha kunaweza kukurudisha hapohapo (hili watu wengi hawaliamini mpaka walione).

Ila kuna sehemu wapinzani wangu wako sawa kabisa, nayo haihusu uso. Ningeacha kovu, ualimu na shali ya kijani vikae pamoja, wanafunzi wake wangemtambua hata kama kichwa kingekuwa cha paka. Hapo sijakopi sura ila nimemtaja mtu, na hakuna mtindo wa kuchora unaoficha hilo. Kwa hiyo kama avata ni yake mwenyewe na anaitaka, shali ibaki. Kama ni ya kwangu au ya kuweka hadharani, shali inakuwa ya zambarau na mvi zinahamia upande wa pili.