Mifuko 600 ya saruji na mstari mmoja wa kotesheni

Kotesheni nyingi za maduka ya vifaa vya ujenzi zina mstari huu chini kabisa: "Bei zinaweza kubadilika bila taarifa." Siupendi hata kidogo. Ukimwandikia mteja hivyo hujampa bei, umempa tetesi. Lakini ukiufuta bila kuweka kitu mahali pake, umejitia kitanzi mwenyewe, maana mteja atarudi baada ya wiki sita na simu mkononi, anakuonyesha bei ambayo kiwandani haipo tena.

Msimamo wangu ni kwamba muda wa bei, usafirishaji na malipo si masharti matatu ya kubandikwa kila moja kivyake. Ni sharti moja lenye sehemu tatu. Huwezi kusema bei inadumu hadi lini kabla hujajua fedha inaingia lini, na huwezi kujua hilo kabla hujajua mzigo unatoka lini.

Chukua mama anayejenga hosteli Chalinze, anaulizia mifuko 600 ya saruji ya kilo 50 katika duka moja la Dar es Salaam. Hiyo ni tani 30. Hawezi kuichukua yote siku moja, kwa sababu saruji haipendi kukaa: ikishika unyevu inaganda, na hata ukiitunza vizuri nguvu yake inapungua kadiri miezi inavyokwenda. Fundi wake atamwambia aanze na 300. Hapo ndipo penye ugomvi wote. Mzigo wa kwanza hauna shida, kila mtu ana hamu nao. Swali ni hili: mifuko 300 ya pili, itakayotoka wiki tatu baadaye, ina bei gani?

Mimi ningemwandikia hivi. Tarakimu ni za mfano:

"Shikamoo mama. Asante kwa kutuulizia. Kotesheni Na. 041, Jumatatu 9 Machi 2026.

Mifuko 600 ya saruji ya kilo 50, daraja 42.5, kwa shilingi 15,930 kila mfuko, VAT ikiwemo. Jumla 9,558,000. Usafiri hadi Chalinze ni safari mbili za mifuko 300, kila safari 450,000, VAT ikiwemo. Jumla kuu 10,458,000.

Bei hii inadumu hadi Ijumaa 13 Machi 2026, saa 10 jioni. Ili ifungwe kwa mifuko yote 600, kabla ya muda huo tunahitaji malipo kamili ya mzigo wa kwanza, 5,229,000, pamoja na asilimia 30 ya mzigo wa pili, 1,568,700. Fedha ihesabiwe imeingia pale inapoonekana kwenye akaunti ya duka.

Mzigo wa kwanza utafika Jumanne 17 Machi. Wa pili utatoka siku utakayotuambia, mradi usipite Ijumaa 10 Aprili, baada ya kumalizia 3,660,300. Ukipita tarehe hiyo, ile 1,568,700 inabaki yako, ila mifuko itahesabiwa kwa bei ya siku ya kupakia.

Gari linafika hadi linapoweza kuingia bila kukwama. Kushusha ni juu yako. Mifuko iliyopasuka ihesabiwe gari likiwa bado lipo na iandikwe kwenye hati ya kupokelea. Tutaifidia kwenye mzigo unaofuata, au kwa fedha kama ni mzigo wa mwisho. Risiti ya EFD utaipata kwa kila malipo."

Ni hayo tu. Haijai ukurasa.

Tuanze na VAT, maana ndiyo inayoua kimyakimya. Kabla ya kodi mfuko huo ni 13,500, na asilimia 18 ya hapo ni 2,430. Mwenye duka akiandika 13,500 na kusahau kusema kwamba kodi haimo, mteja ana haki ya kuelewa kwamba ndiyo bei ya mwisho. Kwa mifuko 600 pengo ni 1,458,000. Biashara ya saruji faida yake kwa mfuko ni ndogo. Ukipata 300 kwa kila mmoja, mzigo wote umekupa 180,000. Neno "ikiwemo" linalinda faida ya oda nane za namna hiyo.

Halafu muda wenyewe. Wengi huandika "siku 7". Siku 7 tangu lini? Tangu barua ilipotumwa, au iliposomwa? Jumapili imo? Andika siku, tarehe na saa. Kwa nini siku nne na si mwezi? Kwa sababu duka la jumla halina bei yake lenyewe, lina bei ya kiwanda au ya wakala, na hiyo haikusubiri. Kadiri unavyomwahidi mteja muda mrefu ndivyo unavyocheza kamari kwa mtaji wako. Ukitaka kumpa mwezi, mfungie bei kwa fedha, nawe ukalipie mzigo huo kwa wakala mapema. Ile asilimia 30 kazi yake ndiyo hiyo.

Upande wa mteja kuna jambo wanunuzi wengi hawalijui. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, toleo la bei linakufa muda wake ukiisha, na kama halikupewa muda linakufa baada ya muda wa kuridhisha, jambo ambalo mtabishana hadi jogoo awike. Lakini pia aliyelitoa anaweza kuliondoa kabla hujalikubali, hata kama tarehe haijafika, isipokuwa umempa kitu ili alishikilie. Kwa hiyo "inadumu hadi Ijumaa" peke yake haikufungii bei. Jibu la maandishi kwamba umekubali, na fedha, ndivyo vinavyokufungia. Muuzaji anayepandisha bei Jumatano baada ya kuandika Ijumaa mimi simnunulii tena, ila sheria haimkamati kirahisi.

Kuhusu malipo, sina imani na "nusu sasa, nusu mzigo ukifika". Inasikika kama haki, lakini gari likishafika saiti na fedha haipo, dereva atafanya nini na tani 15? Arudi nazo Dar? Atasubiri, gharama ya kusubiri itazuka, na kotesheni haikusema ni ya nani. Afadhali kila mzigo ulipwe kabla ya kupakiwa, na hofu ya mteja ipunguzwe kwa kugawa mizigo, ili asiweke fedha yote mahali pamoja. Mali kauli ni kwa wateja mnaojuana, nayo iandikwe tarehe. Picha ya muamala si malipo. Na barua pepe ikija baadaye ikisema "tumebadilisha akaunti", piga simu dukani kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, usipige iliyo kwenye barua hiyo.

Sentensi ya gari kukwama inawakera wateja, nami naitetea. Aprili ni masika. Lori la tairi kumi lenye tani 15 likizama kwenye matope mita 200 kutoka saiti, kuna vibarua wa kubeba mifuko hiyo mgongoni, na lazima ijulikane mapema nani anawalipa.

Mama akijibu Jumatatu ya tarehe 16, fedha haijaingia, usimwandikie "sawa, endelea na ile ile". Mpigie wakala, uliza bei ya leo, kisha mtumie Kotesheni Na. 042 yenye tarehe mpya, hata kama bei haijasogea shilingi moja.