Kabla ya kulaumu betri, mulika tundu la chaji

Simu ikigoma kuchaji, wengi huikimbilia betri. Mimi naiweka mwisho, na si kwa sababu ya bei tu. Betri inayochoka kwa kawaida hutoa dalili mapema: chaji huisha haraka, au simu huzimika ghafla ikiwa bado inaonyesha asilimia 30. Simu iliyokuwa nzima jana, leo haionyeshi hata alama ya radi, naanza kukagua njia ya umeme.

Ukaguzi wa kwanza haugharimu kitu. Chomeka waya huku ukitazama. Ncha yake ikibaki nje kidogo na kuchezacheza, huenda tundu limejaa. Vumbi na nyuzi za mfukoni huingia polepole, na kila unapochomeka unazishindilia chini zaidi.

Binti wa dada yangu alikuwa na simu iliyokubali chaji waya ukipindwa kwa juu tu. Alishanunua waya mpya, nao ukataka kupindwa vilevile. Hapo ndipo jibu lilipokuwa: ugonjwa ukibaki baada ya kubadilisha waya, uko upande wa simu. Tulizima simu, tukamulika kwa tochi, tukachokoa taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, tukipita kandokando ya kile kiulimi cha katikati. Kilitoka kibonge cha nyuzi za kijivu. Waya ukazama, ukalia "tik". Sindano msiiguse, hukwaruza vyuma vidogo vya ndani ya tundu na inaweza kuvipiga shoti. Kupuliza kwa mdomo nako huingiza unyevu.

Tundu likiwa safi, azima waya na kichwa cha chaja vinavyochaji simu nyingine vizuri, lakini badilisha kimoja kimoja. Ukibadilisha vyote pamoja, hutajua kibovu ni kipi. Kama chaji ilikwisha kabisa, iache kwenye umeme nusu saa kabla ya kukata tamaa, maana betri iliyoshuka sana hupokea umeme kidogo kidogo mwanzoni.

Simu yako ikikubali chaji isiyo ya waya, jaribu hiyo. Ikichaji, betri si chanzo. Mtuhumiwa sasa ni tundu lenyewe. Hapo muulize fundi: limefungwa kwenye bodi ndogo ya pembeni au limechomelewa kwenye bodi kuu? La kwanza ni rahisi kubadilisha. La pili lina kazi zaidi, na bei hupanda. Fundi anayetaja betri kabla ya kutazama tundu, mimi namwomba simu yangu.

Mpangilio huu una hali moja inayouvunja. Kioo kikianza kuinuka au mgongo wa simu ukituna, betri imevimba. Usiendelee na majaribio ya waya: izime, usiichaji, usiibonyeze irudi wala kuitoboa, ipeleke kwa fundi aitoe.