Yamane haiulizi una vigezo vingapi

"Wanachama wako ni 1,200, Yamane inatoa 300. Hiyo 109 umeitoa wapi?"

Swali hili la msimamizi humpata karibu kila mwanafunzi anayefika kutetea pendekezo la utafiti akiwa amekokotoa sampuli kwa kutumia R². Wengi hunywea na kurudi kwenye 300, ingawa 109 ina hoja nzito nyuma yake.

Tuseme anachunguza akiba ya wanachama wa SACCOS kwa regresheni yenye vigezo huru vinane: kipato, umri, elimu, ukubwa wa kaya na vinginevyo. Anachotaka kujua ni kama vigezo hivyo, vikichukuliwa pamoja, vinaeleza chochote kuhusu akiba. Fomula ya Yamane, n = N/(1 + Ne²), ambapo N ni idadi ya wanachama wote na e ni kosa linalokubalika, hapa 0.05, ilitengenezwa kwa kazi nyingine: kukadiria asilimia, kwa mfano asilimia ya wanachama wenye mkopo. Weka vigezo viwili au ishirini, jibu litabaki 300. Uhusiano uwe dhaifu au mkubwa, bado ni 300.

Idadi ya vigezo haiwezi kupuuzwa, maana kila kigezo unachoongeza hupandisha R² hata kama hakihusiani na chochote. Vigezo vyote vikiwa havina maana kabisa, wastani wa R² utakayoipata ni k/(n − 1), ambapo k ni idadi ya vigezo. Ukiwa na watu 40 na vigezo vinane, hiyo ni 8/39, yaani 0.21. Nimesoma ripoti nyingi ambamo R² ya namna hiyo inatangazwa kwamba "modeli inaeleza asilimia 21 ya tofauti za akiba", ilhali bahati nasibu peke yake ingeweza kuileta. Kwa watu 109 inashuka hadi 0.07, na kwa 300 ni chini ya 0.03.

Basi 109 inapatikanaje? Unageuza R² unayoitarajia kuwa f² = R²/(1 − R²). R² ya 0.13 inatoa f² ya 0.15. Kisha kwenye programu ya R, u ikiwa idadi ya vigezo vinavyojaribiwa:

```
library(pwr)
pwr.f2.test(u = 8, f2 = 0.15,
            sig.level = 0.05, power = 0.80)
```

Jibu linatoka kwa jina la v, karibu 100. Hapa wengi huteleza, wakidhani hiyo ndiyo sampuli. Sampuli ni v + u + 1, yaani 100 + 8 + 1. Kwa watu 109, kama R² ya kweli ni 0.13, una nafasi ya asilimia 80 ya kuigundua.

Msimamizi naye ana hoja ya haki: hiyo 0.13 imetoka wapi? Mwanafunzi anayetaka sampuli ndogo anaweza kuchagua R² kubwa, na hesabu itamkubalia. Hata asiyekusudia hila anaweza kupotoka. Tuseme amekuta utafiti wa awali wenye watu 60, vigezo vinane na R² ya 0.25. Akiitumia ilivyo, atapata sampuli ya takriban 54. Lakini 0.25 hiyo imeshavimba kwa sababu niliyoieleza. Irekebishe: 1 − 0.75 × 59/51 = 0.13. Kama hiyo ndiyo kweli, watu 54 watampa nafasi isiyofika hata nusu ya kugundua alichokuja kukitafuta. Kwa hiyo soma mstari wa Adjusted R Square kwenye utafiti uliotangulia, na kama mwandishi hakuuweka, ukokotoe mwenyewe.

Ni kweli pia kwamba 300 ni kinga nzuri. Kwa vigezo vinane inatosha kugundua R² ndogo kama 0.05, na kama utafiti huohuo utaripoti asilimia za wanachama, Yamane ina kazi yake halali. Lakini R² ikiwa 0.03 utahitaji karibu watu 495, na fomula ile haitakuonya.

Mwenye kutetea 109 asivuke mpaka wake, hata hivyo. Namba hiyo inahusu jaribio la F la modeli nzima tu. Kama hoja kuu ya utafiti ni elimu peke yake, na unatarajia iongeze 0.03 juu ya vigezo saba vingine ili jumla ifike 0.16, f² yake ni 0.03/0.84, karibu 0.036. Hapo u ni 1, na sampuli inayotakiwa inakaribia 225. Modeli inaweza kupita jaribio la F vizuri kwa watu 109, huku mstari wa elimu kwenye jedwali ukionyesha p ya 0.20 ingawa elimu ina athari kweli.