Breki shuu zinaisha kila mara, kosa ni la duka au la sapulaya?

"Nauza spea za bodaboda Mwanza, mzigo natoa Kariakoo. Breki shuu nauza 150 kwa mwezi, yaani 5 kwa siku, mzigo unachukua siku 5, kwa hiyo zikibaki 25 naagiza. Mbona naishiwa kila mara?"

Kaka, anza na hiyo 5. Kwenye daftari lako ulilonitumia kuna siku 5 za mwezi huo ambazo boksi lilikuwa tupu, na siku tupu huwa inaandikwa sifuri kana kwamba hakuna aliyekuja kuulizia. Mafundi walikuja, wakaenda duka la pili. Ukigawa 150 kwa siku 25 ulizokuwa na mzigo unapata 6, kwa hiyo hata kama Kariakoo wangekuwa wanafika siku ya tano bila kukosa, 25 zinakata siku ya nne na kidogo.

Sasa kwenye akiba ya dharura ndo watu wanagombana. Wazee wa maduka wanasema hizo hesabu ni za supamaketi, wewe jaza rafu kwa macho. Vijana wa Ekseli nao wengi wanapima mauzo tu: leo 4, kesho 8, mtawanyiko kama 2, wanaongeza vipande 8 juu ya 30 za siku 5, wanakwambia agiza zikibaki 38, wanafunga kompyuta. Mimi naona wote wamemsahau sapulaya.

Angalia oda zako 10 za mwisho, nimehesabu tangu siku uliyoona zimepungua hadi zilipopangwa kwenye rafu, sio tangu basi lilipotoka Dar: 3, 3, 3, 4, 4, 4, 5, 5, 7, 12. Wastani ni 5 kweli, hujadanganya, lakini hakuna mteja anayenunua wastani. Siku ile mzigo ulipochukua 12, mafundi walitaka vipande 72. Ukiweka mauzo na ucheleweshaji kwenye hesabu moja inakuwa hivi, B ni mauzo ya kila siku (siku tupu zitoe), D ni siku za kusubiri mzigo:

```
=AVERAGE(B2:B61)*AVERAGE(D2:D11)
+1.65*SQRT(AVERAGE(D2:D11)*STDEV.S(B2:B61)^2
+AVERAGE(B2:B61)^2*STDEV.S(D2:D11)^2)
```

Hiyo 1.65 ni ya kutaka usiishiwe kwenye oda kama 95 kati ya 100. Jibu linakuja 58. Sasa fungua ndani ya ile mizizi uone: mauzo yanachangia 20, sapulaya anachangia karibu 272. Yaani hata ungejua kwa uhakika kila siku fundi atanunua vipande vingapi, akiba yako isingeshuka kiasi cha kuonekana. Watu wanakesha kutabiri mauzo wakati tatizo liko barabarani, na hili ndo linaniuma maana siku za kusubiri ni rahisi kuandika kuliko mauzo, ni tarehe mbili tu kwa kila oda!

Ila wazee wana hoja moja nzito na sitaki kuipita. Futa ile oda moja ya siku 12, jibu linashuka kutoka 58 hadi 40. Oda moja tu. Na hata hiyo 58 isingekuvusha siku 12, ingekata siku ya kumi, kwa sababu hesabu hii inadhani ucheleweshaji umetawanyika sawasawa pande mbili, wakati mzigo hauwezi kuwahi kwa siku saba ila unaweza kuchelewa saba.

Pesa je? Kutoka 38 kwenda 58 ni vipande 20, kwa bei yako ya kununulia ya 6,000 ni 120,000 imelala kwenye rafu. Kwa oda zako hizo 10, kama miezi mitano hivi, zingekuokolea vipande 24 hivi ambavyo ungekosa kuuza, kwa faida ya 2,000 ni 48,000. Kama ni hela yako mwenyewe, weka 58. Kama ni mkopo wa kausha damu wa asilimia 10 kwa mwezi, riba ya hiyo laki na ishirini inafika 60,000 kwa muda huohuo, umefanya kazi ya mkopeshaji.

Kwa mwenye mkopo mimi ningeagiza zikibaki 40, halafu siku ya tano jioni kama mzigo haujafika, na bado una kama 10, chukua dazeni moja kwa jumla hapohapo Mwanza hata kwa mia tano zaidi. Hiyo ni 6,000 tu, na unaitoa ile siku mzigo umechelewa kweli.