Mto Ulipatikana, Mikono ya Mama Haikupatikana

Tuchukue kisa cha mtengeneza filamu mmoja wa kijijini. Ana simu, kinasa sauti kidogo na jirani yake, mama wa makamo, aliyekubali kuigiza. Filamu ni ya dakika 12: mto unafurika usiku, na mama anashuka kuufunga mtumbwi wake usichukuliwe na maji. Kilichobaki ni mafuriko yenyewe, na kufunga kamba. Mto umetulia, na hata ungefurika, asingemsimamisha mtu ukingoni usiku kwa ajili ya shoti. Ndipo alipoijaribu zana ya akili mnemba inayozalisha video kutokana na maelezo.

Wapo wanaosema zana hizi zinamkomboa mtu kama huyu. Wengine wanasema zinamnyang'anya usanii wake. Naona pande zote mbili zinabishana juu ya filamu nzima, ilhali jambo hili huamuliwa shoti kwa shoti.

Aliandika hivi: mto wa maji ya matope, usiku, mwezi nyuma ya mawingu, kamera imesimama. Mara ya kwanza mto ulikuja ukiwa mweupe kama mchana. Mara ya pili kamera ilipaa angani bila kuombwa. Mara ya tatu akapata sekunde 8 za maji meusi yakibeba magogo. Alizitumia 4 tu, kwa kuwa katika sekunde ya 5 gogo moja liligeuka kuwa mawili bila kugonga chochote. Wanaoiunga mkono zana wana haki hapa. Shoti ile asingeipata kwa njia nyingine yoyote bila kuhatarisha maisha ya watu, na maji huisaidia zana: wimbi likibadilika umbo, hakuna anayeshangaa.

Kazi haikuishia hapo. Simu yake ilikuwa imerekodi fremu 30, yaani picha moja moja 30, kwa kila sekunde, kipande cha zana kilikuwa na 24. Alipoviunganisha, programu ya kuhariri ilirudia baadhi ya fremu kujaza pengo, na magogo yakawa yanakwenda kwa kukwamakwama. Akaagiza kipande kichezwe kwa fremu 30. Sekunde 4 zikawa 3.2, maji yakaenda kasi zaidi, na kwa mafuriko hilo lilifaa. Kisha akaongeza chenga kidogo, vile vitone vidogo vidogo, kwenye picha, maana ilikuwa laini mno kando ya shoti za simu, na sauti ya maji akairekodi mwenyewe.

Mafanikio yale yakamtia tamaa. Akaona shoti ya mama akifunga kamba nayo itoke kwenye zana. Maelezo peke yake yalimletea mama mwingine kila alipojaribu. Akaipa zana picha ya jirani yake iwe fremu ya kwanza. Kipande kilianza vizuri, uso ni wake, kovu juu ya jicho la kushoto lipo. Mama akageuka kuangalia mto. Aliporudisha uso, kovu halikuwepo na shavu lilikuwa la mtu mwingine. Kamba nayo ilizama ndani ya vidole, ikatokea upande wa pili ikiwa imeshafungwa.

Sababu iko katika namna zana inavyofanya kazi. Huanza na chenga tupu, kama za runinga iliyokosa mawimbi, kisha huzisafisha hatua kwa hatua hadi zifanane na video ilizojifunza. Inajua jinsi picha zinavyozoea kubadilika. Haina mahali ilipohifadhi kwamba kamba hii ni moja na ina ncha mbili. Uso ukishajificha, unaporudi zana inaukisia. Matoleo mapya hupunguza makosa haya, nami sidai kwamba hayatapungua tena, lakini kisa chetu kina kizuizi kingine ambacho usahihi wa picha hauondoi.

Alimwonyesha jirani yake kile kipande. Mama hakusema lolote kuhusu uso. Alitazama mikono, akasema, "Mimi sifungi hivyo. Kamba inapita chini kwanza, halafu unaivuta na uzito wa mwili." Tena akauliza ni lini alikubali kufanya jambo ambalo hakulifanya. Swali hilo la pili ndilo zito kwangu. Alikubali kupigwa picha. Hakukubali sura yake itengenezewe matendo, na idhini ya kwanza haiwezi kuibeba ya pili.

Kipande kile kilifutwa. Walipiga shoti upya jioni, mtumbwi ukiwa nchi kavu, tochi ikiwa upande mmoja kuiga mwezi, na mtu wa tatu akiuvuta mtumbwi polepole nje ya fremu. Mama alifunga mara nne. Katika mara ya tatu kamba ilimponyoka, akaidaka kwa goti. Hiyo ndiyo iliyowekwa, mara tu baada ya zile sekunde 3.2 za mto, na mwisho wa filamu maandishi yanaeleza kwamba mafuriko yalitengenezwa kwa akili mnemba.