Dola 7,111 ambazo hazikuwahi kuwepo

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa kazini, mhasibu wa shirika dogo hapa Moshi, alinipigia simu huku sauti ikitetemeka. Alikuwa amepokea barua ya mfadhili ikimtaka aeleze ziliko dola 7,111. "Dada, wanadhani nimekula hela," aliniambia. Nilimwambia aje na mafaili yote. Tulikaa mezani kwangu hadi saa nne usiku, na nilipomaliza kuyapitia nilikuwa na hasira kuliko yeye.

Hela hiyo haikuliwa. Haikuwahi kuingia.

Mradi wenyewe ni matanki ya kuvuna maji ya mvua kwenye shule za msingi, kule tambarare ambako watoto hubeba madumu kwenda shule. Bajeti iliandikwa Oktoba 2024, dola ikiwa imevuka shilingi 2,700. Wakachukua 2,700 kama kiwango cha bajeti, wakazidisha, wakaridhika. Awamu ya kwanza ilikuwa dola 60,000, sawa na milioni 162 kwa hesabu hiyo: matanki 12 ya milioni 9 kila moja, ambayo ni milioni 108, kisha milioni 54 za mishahara, usafiri na ofisi. Mkurugenzi akaenda kwenye mikutano ya vijiji akazitaja shule zote 12 kwa majina.

Hela ikafika mwishoni mwa Desemba. Mnakumbuka Desemba ile. Dola za watalii, korosho na dhahabu zilikuwa zimeingia, na shilingi ikapanda kwa kasi ambayo wengi wetu hatukuizoea. Dola ikashuka hadi karibu 2,400. Benki yao iliinunua kwa 2,380, kwa sababu benki inayonunua dola kwako haikupi kile kiwango cha kati unachokiona kwenye tovuti ya Benki Kuu. Wakabadilisha zote siku moja, mishahara ikiwa imechelewa. Wakapata 142,800,000. Milioni 19.2 ziliyeyuka kabla mfuko mmoja wa saruji haujanunuliwa. Hayo ni matanki mawili na chenji.

Sisi tumelelewa tukiogopa shilingi kuanguka. Mwenye duka anayeagiza mzigo nje ana haki ya kuogopa hivyo. Lakini ukipokea dola na kulipa shilingi, hatari yako ni kinyume: shilingi ikipata nguvu ndipo unapoumia. Nimekaa kwenye vikao vya bajeti Arusha na Moshi kwa miaka mingi, na bado nasikia watu wazima wakisema "tuweke kiwango cha leo tu, dola haishuki".

Sasa turudi kwenye zile dola 7,111. Fomu ya ripoti ya mfadhili ilikuwa na seli iliyofungwa yenye 2,700. Mdogo wangu aliingiza matumizi ya kweli, shilingi 142,800,000, risiti zote zipo. Fomu ikagawa kwa 2,700 ikatoa dola 52,889. Ukitoa hizo kwenye 60,000, zinabaki 7,111. Karatasi inasema kuna salio, akaunti ya benki inasema sifuri. Ukiona salio la dola kwenye ripoti ambalo benki hailijui, usianze kumtafuta mwizi. Angalia kwanza kiwango kilichotumika kugawa.

Ripoti inapaswa kutumia kiwango ambacho hela ilibadilishwa kweli. Gawa 142,800,000 kwa 2,380, unapata dola 60,000 kamili. Ushahidi ni ile hati ya benki ya siku ya kubadilisha, na mdogo wangu anayo. Kama angebadilisha kwa mafungu, mathalani dola 20,000 kwa 2,380, nyingine 20,000 kwa 2,500 na za mwisho kwa 2,600, angepata jumla ya 149,600,000, na kiwango chake cha kuripoti kingekuwa wastani wa karibu 2,493. Kubadilisha kidogo kidogo kwa kufuata mahitaji ya kila mwezi hakukuhakikishii faida, kwa sababu dola ingeweza kuendelea kushuka. Kunakuzuia tu kuuweka mradi mzima kwenye bei ya siku moja. Lakini njia yoyote utakayochagua, iandike kwenye mkataba kabla ya kusaini. Mkataba wao ulitaja kiwango cha bajeti na haukusema neno juu ya kiwango cha ripoti. Huo ukimya ndio uliomfanya binti wa watu akose usingizi.

Nitakubali jambo moja, ingawa linaniuma. Wafadhili wana sababu ya kutuangalia kwa jicho kali. Dola ilipokuwa inapanda kutoka 2,300 na ushee mwanzoni mwa 2023, mashirika mengi yalipata shilingi za ziada na hayakumwambia mtu. Ziliingia kwenye semina na posho. Hatuwezi kukaa kimya faida ikija kisha tukalia hasara ikija. Kifungu cha mkataba kiseme yote mawili: faida itakwenda wapi, na hasara ataibeba nani. Wengine hawakuachii nafasi ya kuuliza. Mikataba ya ruzuku ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, huhesabu hasara ya kubadilisha fedha kuwa gharama isiyokubalika.

Kwa hiyo kinga kubwa iko kwenye kiwango cha bajeti, na hapa ndipo ninapogombana na wakurugenzi. Usichukue bei ya leo. Angalia mwaka mmoja nyuma, tafuta mahali dola ilipokuwa chini, uanzie hapo. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa karibu 2,500. Wangetumia 2,500, awamu ya kwanza ingekuwa milioni 150. Ukitoa zile 54, inabaki 96: matanki 10 ya uhakika na milioni 6 za akiba. Yale mawili yaandikwe wazi kuwa ya masharti, yajengwe kiwango kikiruhusu. Dola ilipofika 2,380 wangepungukiwa milioni 1.2 tu kwa matanki 10, pengo linaloweza kuzibwa kwa kupunguza safari. Na kama ingebaki 2,700, shule zote 12 zingepata.

Najua jibu lao: pendekezo lenye matanki 10 linashindwa na la jirani lenye 12. Ni kweli, hutokea. Lakini shule mbili zilizotajwa kwenye mkutano wa kijiji zikafutwa kimyakimya ni jambo baya zaidi. Wazazi walikuwa wameshachimba msingi kwa mikono yao.

Kuacha dola kwenye akaunti ili kumlipa fundi kwa dola, sahau. Kanuni za serikali za Machi 2025 kuhusu fedha za kigeni zimefunga mlango huo kwa malipo ya ndani. Dola zitakulinda tu kwa kile unachomlipa muuzaji aliye nje ya nchi. Na mikataba ya benki ya kufunga bei mapema ipo, lakini hela ya mfadhili ikichelewa wewe bado unadaiwa dola ulizoahidi. Kwa shirika la watu sita siishauri.

Tumeandika barua ya ukurasa mmoja. Tumeambatanisha hati ya benki na taarifa ya akaunti, na tumeomba mambo mawili: seli ile ya 2,700 ifunguliwe, na awamu ya pili ya dola 40,000 ipangiwe upya shughuli kwa 2,400 kabla haijatumwa. Jumatatu mkurugenzi anakwenda kwenye zile shule mbili. Nimemwomba aende mwenyewe, asimtume mhasibu.